Mstari wa uzoefu umesomwa vibaya: kutafuta kosa kwenye tangazo la kazi lililotafsiriwa

Mwongozo huu ni wa yule anayepewa tangazo la kazi la Kiingereza na kuambiwa alitoe kwa Kiswahili kabla ya Ijumaa. Anaweza kuwa afisa utumishi wa kiwanda cha chai Mufindi, karani wa chama cha ushirika Mbozi, au mwalimu anayeombwa msaada na kampuni ya parachichi Njombe kwa sababu Kiingereza chake ni kizuri. Huku Nyanda za Juu Kusini kazi hiyo haiishi. Nafasi huandikwa kwa Kiingereza na watu wa makao makuu, ilhali wanaotakiwa kuziomba wako Lupembe, Rungwe au Makete, na wanalisoma tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kata au kwenye simu ya jirani.

Sehemu inayoharibika kuliko zote ni mstari wa uzoefu. Jukumu likitafsiriwa kombo, mtu atauliza kwenye usaili na ataelezwa. Uzoefu ukitafsiriwa kombo, anayefaa haji kabisa, na asiyefaa anapanda basi alfajiri na nauli aliyokopa. Kosa lenyewe huwezi kulikamata kwa kusoma tafsiri yako tena, maana mara nyingi Kiswahili chake kimenyooka vizuri tu. Linajitokeza kwa waombaji: nani amekuja, nani hakuja, na wanaopiga simu wanauliza nini. Kwa hiyo tuanzie kwenye dalili, turudi nyuma hadi kwenye neno lililosababisha.

Nitatumia tangazo moja mwanzo hadi mwisho. Nimelitunga kwa kuunganisha makosa ninayokutana nayo mara kwa mara kwenye kazi hii. Kampuni ya parachichi inamtafuta msimamizi wa uvunaji. Tangazo la Kiingereza linadai hivi: shahada au stashahada ya kilimo, uzoefu wa kuanzia miaka mitatu kwenye mazao ya bustani, unaohesabiwa baada ya kufuzu, na ndani ya miaka hiyo mmoja awe ameongoza kikosi, awe amewahi kupima ukomavu wa matunda, na leseni ya pikipiki ni nyongeza tu. Tafsiri iliyobandikwa ikasomeka hivi:

"Awe na shahada ya kilimo au stashahada na uzoefu wa miaka mitatu baada ya kuhitimu katika ukaguzi wa matunda na mwaka mmoja wa usimamizi. Awe na leseni ya pikipiki."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Mkuu wa shule angeipitisha bila kugusa kitu. Lakini ina makosa kadhaa, na kila moja linawafukuza au kuwaita watu wa aina yake.

Dalili: watu wanajumlisha miaka

Simu ya kwanza ofisini huwa ya namna hii.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, karibu."

"Naulizia lile tangazo la msimamizi wa uvunaji. Mimi nina miaka mitatu kwenye parachichi, huu wa mwisho nimekuwa nyapara. Sasa naona nyie mnataka minne."

"Minne umeiona wapi, kaka?"

"Si mmeandika mitatu na mmoja?"

Huyo aliyepiga simu ana sifa zote, na kilichomtisha ni "na". Kiingereza kilitumia neno linaloonyesha kwamba mwaka wa uongozi umo ndani ya ile mitatu. Mtafsiri akaweka "na", na mwombaji akafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya: mitatu na mmoja ni minne. Waliopiga simu utawajibu. Waliosoma ubaoni, wakahesabu minne na kwenda zao shambani, hutawajua kamwe.

Dawa yake ni fupi: "miaka isiyopungua mitatu, na kati ya miaka hiyo awe ameongoza kikosi kwa muda usiopungua mwaka mmoja". "Kati ya miaka hiyo" haimwachii msomaji nafasi ya kujumlisha. Wengine huandika "ikiwemo mwaka mmoja wa usimamizi". Hiyo inaeleweka, lakini ni dhaifu zaidi, hasa tangazo likisomwa kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, kwa sababu "ikiwemo" inapita haraka na sikio linabaki na namba mbili. Kitu cha kuepuka kabisa ni "pamoja na mwaka mmoja". Hicho kinawasukuma watu wajumlishe kwa nguvu zaidi kuliko hata "na".

Ikiwa mwajiri kweli anataka miaka minne, mitatu ya kazi na mwingine wa uongozi juu yake, andika jumla yake waziwazi: "jumla ya miaka minne". Usimwachie msomaji hesabu hata pale hesabu inapokuwa sahihi.

Dalili: wenye shahada bila uzoefu wanafurika, wenye stashahada wanapungua

Rudia tafsiri yetu: "shahada ya kilimo au stashahada na uzoefu wa miaka mitatu". Kijana aliyemaliza chuo kikuu juzi anaisoma kama milango miwili. Mlango wa kwanza ni shahada, basi. Wa pili ni stashahada iliyoongezewa uzoefu. Anaingia kwa mlango wa kwanza na hana kosa lolote, maana sentensi inamruhusu. Mwingine atasoma kwamba uzoefu unawahusu wote wawili, naye pia sentensi inamruhusu.

Hapa mtafsiri ana kishawishi cha kuamua mwenyewe. Asiamue. Mara nyingi Kiingereza chenyewe kina utata uleule, na aliyekiandika hakuuona kwa sababu yeye anajua anachotaka. Mpigie, umuulize kwa mfano wa mtu: "Akija mwenye shahada ambaye hajawahi kufanya kazi, mtamwita kwenye usaili?" Ukimuuliza kuhusu sentensi atakujibu kwamba sentensi iko sawa. Ukimuuliza kuhusu mtu, atakwambia sera ya kampuni yake. Kwenye mfano wetu alijibu kwamba hapana, miaka mitatu inawahusu wote.

Baada ya jibu hilo, acha kabisa kuweka elimu na uzoefu kwenye sentensi moja. Elimu iwe na mstari wake na uzoefu uwe na mstari wake: "Elimu: shahada au stashahada ya kilimo. Uzoefu (kwa waombaji wote): ..." Maneno yaliyo kwenye mabano hayo yanaonekana ya ziada, lakini ndiyo yanayoufunga ule mlango wa kwanza. Na kama mwajiri angesema kwamba mwenye shahada anahitaji mwaka mmoja na mwenye stashahada mitatu, ungeandika mistari miwili ya uzoefu, kila mmoja ukianza na elimu unayoihusu.

Uangalie pia mpangilio wa "ya kilimo". Kwenye tafsiri mbovu maneno hayo yamekaa karibu na shahada peke yake, kwa hiyo mwenye stashahada ya uhasibu naye ameona nafasi yake. Sifa inayohusu vitu viwili ije baada ya vyote viwili.

Dalili: mabishano mezani kuhusu miaka ipi inahesabiwa

Hii hujitokeza wakati wa kuchambua maombi. Mwombaji mmoja alipata astashahada ya kilimo, akafanya kazi miaka mitano kwenye shamba la chai na baadaye parachichi, halafu akarudi chuoni na kupata stashahada mwaka jana. Ana uzoefu wa miaka mitatu baada ya kuhitimu? Kwa tangazo la Kiswahili, anao, tena unazidi. Alihitimu astashahada zamani, na tangazo halikusema ni baada ya kuhitimu kitu gani. Kwa tangazo la Kiingereza, neno lililotumika linaelekea kwenye elimu iliyotajwa pale juu, yaani stashahada au shahada, kwa hiyo ana mwaka mmoja tu.

Huku kwetu watu wa aina hiyo ni wengi, kwa kuwa njia ya kawaida ya mtaalamu wa kilimo ni kupanda ngazi huku akifanya kazi. Ukiandika "baada ya kuhitimu" peke yake, umewagusa wote bila kuwaambia wako upande gani. Andika miaka inaanza kuhesabiwa lini: "miaka ihesabiwe tangu mwombaji alipopata shahada au stashahada iliyotajwa hapo juu". Ni ndefu, ndiyo. Ila hakuna atakayeipinga kwenye usaili.

Hapohapo kuna swali la kujitolea. Vijana wengi wa fani hii wamejitolea kwenye halmashauri, kwenye miradi au kwenye vyama vya ushirika bila mshahara wa kudumu, na kila mmoja anajiuliza kama miaka hiyo ni uzoefu. Wengine wanahesabu hata mafunzo kwa vitendo ya wakati wa masomo. Tangazo la Kiingereza kwa kawaida halisemi chochote, na mtafsiri akiandika "uzoefu wa kazi" wapo watakaosoma "kazi" kuwa ajira yenye mkataba na mshahara, wakajitoa. Muulize mwajiri kabla hujabandika. Akikubali, ongeza: "kazi ya kujitolea inahesabiwa, mafunzo kwa vitendo ya wakati wa masomo hayahesabiwi". Kifungu hicho hakimo kwenye Kiingereza, kwa hiyo usikiingize bila idhini yake. Lakini muulize, kwa sababu anayelitetea tangazo mbele ya wasomaji ni wewe.

Msimu nao una shida yake. Kuvuna parachichi hakuchukui mwaka mzima, na vibarua wengi huchuma msimu mmoja shamba hili, msimu mwingine lile. Mtu wa misimu mitatu atasema ana miaka mitatu, na kwa namna watu wanavyohesabu shambani hajadanganya. Kama mwajiri anataka miezi thelathini na sita ya kazi, ni haki ya mwombaji kuambiwa. Kama anaridhika na misimu mitatu, andika misimu, usiandike miaka. Kwenye chai mambo ni tofauti, kwa sababu majani yanachumwa tena na tena karibu mwaka wote, na mwaka wa kazi ni mwaka kweli.

Dalili: wamekuja wengi, lakini kazi waliyofanya si ile

Hii ndiyo dalili inayosumbua kuliko nyingine, kwa sababu chanzo chake kimegawanyika. Nusu iko kwenye majukumu na nusu kwenye sifa.

Tangazo letu linataka mtu aliyewahi kupima ukomavu. Parachichi haliivi mtini. Linakomaa mtini, kisha linaiva baada ya kuchumwa, na kwa macho tunda lililokomaa linaweza kufanana na changa. Kwa hiyo kabla ya kuruhusu shamba livunwe, huchukuliwa sampuli ya matunda, nyama yake inapimwa uzito, inakaushwa mpaka uzito usipungue tena, inapimwa mara ya pili, na kinachobaki kinaandikwa kwa asilimia. Asilimia ikiwa chini ya kiwango cha soko, shamba linasubiri. Tunda likichumwa changa halitaiva vizuri, litasinyaa na kuwa kama mpira. Hiyo ni kazi yenye mizani, kikaushio na daftari la kumbukumbu.

Mtafsiri akaandika "ukaguzi wa matunda". Sasa mama aliyechambua parachichi sokoni Makambako, akitenga yenye madoa na yaliyopondeka, anasoma na kuona ni kazi aliyoifanya kwa miaka. Na kweli amekagua matunda, tena kwa ustadi. Hakuna aliyemwambia kwamba wanazungumzia kipimo cha ukavu. Kwa upande mwingine, fundi wa maabara ndogo ya kiwanda cha kufungasha, ambaye anakausha sampuli kila asubuhi, anasoma "ukaguzi" na kudhani wanamtaka mtu wa kusimama kwenye mkanda wa kuchambulia. Haombi.

Ukikosa jina moja linalofahamika kwa kila mtu, eleza kitendo chenyewe: "awe amewahi kupima ukomavu wa parachichi kwa kukausha sampuli na kupata asilimia ya ukavu wake". Aliyeifanya kazi hiyo ataitambua kabla hajafika mwisho wa sentensi. Asiyeifanya naye atajua.

Halafu rudi juu kwenye majukumu, uhakikishe maneno ni yaleyale. Watafsiri waliosoma vizuri hukosea hapa kwa sababu shuleni tulifundishwa kutorudia neno. Kwenye majukumu wanaandika "kupima ukomavu", kwenye sifa "ukaguzi wa ubora", na kwenye maelezo ya nafasi "udhibiti wa mazao". Msomaji wa tangazo anaona kazi tatu. Kwenye hati ya aina hii, kitu kimoja kibebe jina moja kutoka juu hadi chini, hata masikio yakichoka.

Kitenzi "kusimamia" kinastahili kutazamwa peke yake. Kiingereza cha matangazo kina vitenzi kadhaa ambavyo vyote huishia kwenye "kusimamia": kumwongoza mtu akiwa kazini, kuendesha idara nzima na bajeti yake, kufuatilia kazi kwa mbali, na kuhakikisha jambo limefanyika. Mtu aliyekuwa nyapara wa wachumaji ishirini amesimamia. Meneja wa shamba la hekta mia mbili amesimamia. Afisa anayepita mara moja kwa mwezi kwenye vikundi vya wakulima naye amesimamia. Ukiandika "mwaka mmoja wa usimamizi" umewaita wote watatu, ilhali mwajiri anamtaka mmoja.

Njia ninayoitumia ni kuuliza: huyu mtu anawajibika kwa watu, kwa fedha, au kwa taarifa? Kama ni watu, andika "kuongoza kikosi cha wachumaji: kugawa kazi, kuandika mahudhurio na kukagua kazi ya kila siku". Kama ni idara na fedha, andika "kuendesha" na utaje bajeti. Kama ni kutazama kwa mbali, andika "kufuatilia". Na pale Kiingereza kinaposema mtu "atasaidia" kufanya jambo, usilifute neno hilo kwa kuona linapunguza uzito. "Kusaidia kuandaa bajeti" na "kuandaa bajeti" ni viwango viwili vya uzoefu, na mwombaji mwaminifu ambaye hajawahi kuandaa bajeti peke yake atakata tamaa bure.

Dalili: wanawake wachache

Sababu za jambo hili ni nyingi na nyingine haziko kwenye tangazo, lakini angalia kwanza sifa za nyongeza. Kiingereza kilisema leseni ya pikipiki ni faida ya ziada. Kiswahili kikasema "awe na leseni ya pikipiki". Neno "awe" ni amri. Likitokea mbele ya kila sifa, kila sifa inakuwa lazima. Binti mwenye stashahada, miaka mitatu na kikosi cha kuongoza, ambaye hajawahi kuendesha pikipiki, anaishia hapo.

Tenga sehemu mbili zenye vichwa: "Sifa za lazima" na "Sifa za nyongeza (asiye nazo anaweza kuomba)". Usitegemee "itapendeza kama" au "ni vizuri awe". Tumezoea kusikia lugha ya upole hata kwenye amri, na mtu mwenye adabu akisoma "itapendeza" anaona ameambiwa.

Kwenye matangazo ya udereva ya serikali utaona namna nzuri ya kulifunga sharti la uzoefu mahali pake. Wanataka leseni ya daraja la E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi kwa angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Uzoefu umefungwa kwenye leseni kwa ule upatanisho wa "ambayo", kwa hiyo mwaka wa kuendesha kwa leseni nyingine hauingii. Kiswahili kina nguvu hiyo ya ngeli. Itumie, lakini uangalie usije ukafunga sharti kwenye nomino isiyohusika.

Dalili ndogo za kupitia haraka

Ukiona maombi ya wenye astashahada yamejaa wakati unataka stashahada, tazama uchapaji. Maneno hayo yanatofautiana kwa herufi moja ya mwanzo, na mtu aliyesikia tangazo likisomwa hawezi kuitofautisha. Ongeza ngazi ya tuzo: stashahada ni NTA ngazi ya 6, astashahada ni ngazi ya 4 na ya 5, shahada ni ngazi ya 8. Epuka kuandika "cheti" tupu kwa kumaanisha ngazi ya elimu, kwa kuwa kila aliyesoma ana cheti cha kitu fulani.

Kwa mafundi, angalia namba zinaelekea wapi. Kwenye majaribio ya ufundi ya zamani daraja la I ndilo la juu na la III ndilo la kuanzia. Kwenye ngazi za sasa za VETA ni kinyume, ngazi ya III ndiyo ya juu. Kuandika "fundi umeme wa daraja la III" bila kusema ni mfumo gani kunaweza kumleta anayeanza badala ya aliyebobea.

Na "kuanzia miaka mitatu" isigeuke kuwa "zaidi ya miaka mitatu". Mwenye mitatu kamili ataachwa nje kwa neno hilo moja. Kiingereza kikiandika 3–5, uliza kama mwenye miaka minane anakataliwa. Karibu kila mara jibu ni hapana, basi andika "kuanzia miaka mitatu na kuendelea", tano iondoke.

Kupima kabla ya kubandika

Usimpe mwenzako tafsiri umuulize kama inaeleweka. Atasema inaeleweka. Mpe waombaji wa kubuni, kila mmoja kwenye karatasi yake, na umuombe aamue nani anastahili kuomba kwa kusoma Kiswahili peke yake. Wewe umeshawaamua kwa kusoma Kiingereza na kwa majibu ya mwajiri. Kwa tangazo letu ningetengeneza hawa wanne:

Wa kwanza ana stashahada, miaka mitatu kamili kwenye parachichi tangu alipoipata, mwaka wa tatu akiwa nyapara, na amepima ukomavu. Anastahili. Wa pili ana shahada ya kilimo na hajafanya kazi. Hastahili. Wa tatu ni yule wa astashahada ya zamani na stashahada ya mwaka jana. Hastahili bado. Wa nne ana kila kitu isipokuwa leseni ya pikipiki. Anastahili.

Tafsiri mbovu tuliyoanza nayo inamwangusha wa kwanza, inamkaribisha wa pili, inamkaribisha wa tatu na inamfukuza wa nne. Imekosea kwa wote wanne, na haikuwa na kosa hata moja la sarufi. Baada ya marekebisho inasomeka hivi:

"SIFA ZA LAZIMA
Elimu: shahada (NTA 8) au stashahada (NTA 6), zote ziwe za kilimo.
Uzoefu, kwa waombaji wote: kuanzia miaka mitatu na kuendelea kwenye mazao ya bustani. Miaka ihesabiwe tangu mwombaji alipopata shahada au stashahada iliyotajwa hapo juu. Kati ya miaka hiyo, awe ameongoza kikosi cha wafanyakazi wa shamba kwa muda usiopungua mwaka mmoja.
Awe amewahi kupima ukomavu wa parachichi kwa kukausha sampuli na kupata asilimia ya ukavu wake.
SIFA ZA NYONGEZA (asiye nazo anaweza kuomba)
Leseni ya pikipiki."

Msomaji wako wa majaribio akikosea kwa mwombaji mmoja tu, usimweleze. Muulize ni neno lipi lililomfanya aamue hivyo, na urekebishe neno hilo. Atakuonyesha kwa kidole. Chagua msomaji ambaye hajui Kiingereza cha kutosha kukisia asili ilisemaje, na ikiwezekana msomee badala ya kumpa karatasi, maana ndivyo tangazo litakavyowafikia wengi.

Kama limeshabandikwa

Ukigundua kosa baada ya tangazo kutoka, kulibadilisha kimyakimya ubaoni hakutoshi, kwa sababu picha ya la zamani iko kwenye makundi ya WhatsApp na itaendelea kusambaa kuliko la sasa. Toa tangazo jipya lenye kichwa "Marekebisho", tarehe yake, na jina la nafasi kama lilivyokuwa. Taja mstari uliobadilika kwa kuuandika wote upya: "Sharti la uzoefu lisomeke hivi". Kisha sema wazi anayehusika ni nani: "Wenye miaka mitatu ambao hawakuomba kwa kudhani inahitajika minne, wanakaribishwa kuomba." Omba mwajiri asogeze mbele siku ya mwisho kwa muda unaotosha tangazo kufika vijijini na barua ya maombi kurudi. Waliokwisha kutuma maombi wasitakiwe kutuma tena, na hilo nalo liandikwe. La zamani liondolewe kwenye kila ubao ulikolibandika, ukianza na zile za kata za mbali ambako hakuna wa kumpigia simu.